Kunakili kitambulisho cha mwanafunzi kutoka kwenye picha: jicho, simu au kompyuta?

Vyuo vinapofunguliwa mwezi wa kumi na wa kumi na moja, wenye hosteli wa Iyunga jijini Mbeya na wa Kihesa mjini Iringa huanza kupokea picha za vitambulisho kwenye WhatsApp. Mpangaji anapiga picha kadi yake ya chuo, anaituma, na mtu fulani lazima aihamishe kwenye daftari: jina, namba ya usajili, tarehe ya mwisho wa kadi na muhuri unaoonyesha kwamba mwenye kadi amesajiliwa mwaka huo. Mara nyingi mtu huyo ni kijana wa steshenari aliyepewa picha sitini na faili moja la Excel.

Njia zilizopo ni tatu. Ya kwanza ni kusoma kwa jicho na kuandika kwa mkono. Ya pili ni kuiachia simu isome kwa Google Lens, kisha unabandika maandishi. Ya tatu ni kuiachia kompyuta isome kwa Tesseract, programu ya bure inayosoma maandishi yaliyo kwenye picha bila kuhitaji intaneti. Watu hupenda kuuliza ipi ni bora, na hapo ndipo wanapopotea, kwa sababu jibu halifuati kadi. Linafuata sehemu ya kadi. Jina la programu ya masomo unaweza kuliachia mashine bila wasiwasi. Namba na tarehe mashine inaweza kukusaidia kuhakiki, lakini isiwe ndiyo inayoamua. Muhuri usiipe kabisa.

Tuanze na picha yenyewe, maana ndiyo inayoamua kama mashine itasoma chochote. Kadi nyingi za chuo zina ukubwa sawa na wa kadi ya benki, yaani milimita 85.6 kwa 54. Tesseract husoma vizuri picha inapokuwa na nukta 300 kwa kila inchi, na kwa kadi ya ukubwa huo maana yake ni upana wa piseli 1,000 hivi kwenye kadi peke yake, bila kuhesabu meza ambayo kadi imelazwa juu yake. WhatsApp inapobana picha kwa kawaida, upande mrefu hubaki na piseli kama 1,600. Mwanafunzi aliyepiga picha kwa mbali, kadi ikachukua nusu ya picha, anakuletea kadi yenye piseli 800. Herufi yenye kimo cha milimita moja na nusu inabaki na piseli 14 tu. Jicho la mtu bado linaisoma hiyo. Mashine inaanza kubahatisha, na ubaya wake ni kwamba haikuambii inabahatisha: inaandika herufi isiyo sahihi kwa uhakika uleule wa herufi sahihi.

Dawa ni ndogo. Picha itumwe kama hati, si kama picha. Kwenye WhatsApp mtumaji anabonyeza alama ya kuambatisha, anachagua sehemu ya hati, kisha anachagua faili la picha. Hapo haibanwi. Kadi zilizopigwa lamineshini zipigwe picha karibu na dirisha mchana, bila mwako wa kamera, kwa sababu mwako huacha doa jeupe ambalo kwa bahati mbaya huangukia katikati ya kadi, mahali palipo na namba.

Kadi moja, njia tatu

Chukua kadi hii ya mfano. Si ya mtu yeyote, lakini makosa yatakayoonekana hapa chini ndiyo yanayojirudia kwenye kadi halisi. Ikinakiliwa sawasawa inasomeka hivi:

```
NAME:         [limefichwa]
REG. NO.:     BED/S0158/23
PROGRAMME:    B.Ed. Arts
ISSUE DATE:   21/11/2023
EXPIRY DATE:  07/11/202[6]
[MUHURI: duara, wino wa bluu, chini kulia, umeinama]
REGISTERED
2024/2025
SEM. I[?]
```

Lebo zimeachwa kama zilivyochapwa, kwa lugha ya kadi na kwa vifupisho vyake. Hilo si jambo la mapambo. Kadi ya chuo kimoja ina `REG. NO.` peke yake. Ya chuo kingine ina namba ya usajili mbele na namba nyingine ya kadi yenyewe nyuma, chini ya msimbo wa mistari. Ukizitafsiri zote mbili kuwa "Namba", wiki mbili baadaye hakuna atakayejua ni ipi iliyoandikwa. Hata lebo ikiwa imekosewa na mchapaji, iandike ilivyo. Tafsiri yako iwe kwenye kichwa cha safu ya Excel, si ndani ya nakala.

Mabano mraba yana kazi yake. `202[6]` maana yake tarakimu ya mwisho imefunikwa nusu na mstari wa muhuri, na msomaji ameitambua kwa sehemu iliyobaki. `[?]` maana yake herufi inayotangulia inaonekana lakini haina uhakika. Huenda muhuri ulisema `II` na mstari wa pili haukushika wino. Pasiposomeka kabisa andika `[haisomeki]`, usiache wazi. Nafasi tupu inaweza kumaanisha kwamba kadi haina kitu hapo, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Sasa tazama njia hizo zinavyotofautiana kwenye kadi hiyohiyo:

| Sehemu | Jicho | Google Lens | Tesseract |
|---|---|---|---|
| Namba | `BED/S0158/23` | `BED/SO158/23` | `BED/50158/23` |
| Mwisho wa kadi | `07/11/202[6]` | `07/11/2028` | `07/11/202` |
| Muhuri | `2024/2025`, `SEM. I[?]` | `2024/2025` | vipande visivyo na maana |

Simu imeifanya sifuri kuwa herufi O kwa sababu inafuata herufi S, na mashine hizi hupendelea kuendeleza herufi kwa herufi na tarakimu kwa tarakimu. Kompyuta imefanya kinyume: imeona tarakimu nne zinakuja, ikaigeuza S kuwa 5. Jozi zinazochanganywa si nyingi, na anayefanya kazi hii kila siku huzijua kwa kichwa: 0 na O, 1 na I, 5 na S, 8 na B, 2 na Z. Kwenye majina yetu ya kusini yanayoanza na Mwa-, angalia pia W inayogeuka kuwa V mbili.

Kosa la namba lina ubaya wa pekee. Namba za kadi za benki zina tarakimu ya mwisho inayokokotolewa kutoka kwa zile zilizotangulia, hivyo ukikosea tarakimu moja mfumo unakataa. Namba za usajili kwa kawaida hazina kinga hiyo. `50158` na `S0158` zote zinaonekana kuwa namba nzuri tu. Jina lililokosewa mtu analishangaa na kulirekebisha. Namba iliyokosewa inakaa kimya hadi siku inapotafutwa chuoni na kuonekana ni ya mtu mwingine au haipo.

Palipo na msimbo wa mistari

Kabla ya kubishana na namba, geuza kadi. Kama nyuma kuna msimbo wa mistari na picha yake umetumiwa, uskani kwa Lens au programu yoyote ya kuskani. Msimbo hausomwi kwa kubahatisha umbo la herufi; unasomeka au hausomeki, na aina ya Code 128 ina herufi ya uhakiki ndani yake. Ukipata `BED/S0158/23` kutoka kwenye msimbo, mjadala wa S na 5 umekwisha.

Tahadhari ni moja tu: msimbo mwingine una namba ya maktaba, si ya usajili. Ulinganishe na namba iliyochapwa. Zikikaribiana na kutofautiana herufi moja, msimbo ndio wa kuaminika. Zikiwa hazifanani hata kidogo, hizo ni namba mbili tofauti, na kila moja ipewe safu yake.

Tarehe: siku ipi na mwezi upi

`07/11` inaweza kuwa tarehe 7 Novemba au 11 Julai. Usiamue kwa mazoea. Tafuta ushahidi kwenye kadi hiyohiyo. Hapa kadi ilitolewa `21/11/2023`. Hakuna mwezi wa 21, kwa hiyo mchapaji ametanguliza siku, na mwisho wa kadi ni 7 Novemba. Kama tarehe zote mbili za kadi ziko chini ya 13, tafuta kadi nyingine ya chuo hichohicho ambayo ina tarehe iliyo wazi.

Kisha inakuja Excel, ambako nakala sahihi huharibikia. Kompyuta iliyowekwa kwa mpangilio wa Marekani itaipokea `07/11/2026` na kuihifadhi kama 11 Julai bila kusema neno. `21/11/2023` itashindwa kuielewa, itaiacha kama maandishi. Unaweza kuligundua hilo kwa kutazama tu: tarehe ambazo Excel imezielewa hujipanga kulia kwa kisanduku, zile ilizoziacha kama maandishi hujipanga kushoto. Safu ya tarehe yenye mchanganyiko wa kulia na kushoto ina tarehe zilizogeuzwa siku kuwa mwezi, na hata zile za kulia si za kuaminika.

Kwa hiyo kabla ya kubandika chochote, chagua safu zote na uziweke katika muundo wa `Text`. Hilo linaokoa namba pia. Namba inayoanza na sifuri haitapoteza sifuri yake. Namba ya tarakimu 14 haitageuka kuwa `2.02312E+13`. Na ile inayozidi tarakimu 15 haitabadilishiwa mwisho wake kuwa sifuri, kosa ambalo ukishahifadhi faili halirudishiki. Safu moja ibebe tarehe kama ilivyo kwenye kadi, na safu ya pili ibebe tarehe iliyonyooshwa, `2026-11-07`, ambayo haina utata na hujipanga vizuri ukitaka kujua kadi zipi zinaisha kwanza.

Muhuri

Hapa ndipo jicho linaposhinda bila ubishi. Muhuri umepigwa kwa mkono, umeinama, wino umejaa upande mmoja na kukauka upande mwingine, na maandishi yake yanazunguka duara. Programu hizi husoma vizuri zaidi mistari iliyonyooka. Mbaya zaidi, muhuri hupigwa juu ya maandishi mengine, hivyo unaharibu usomaji wa mwisho wa kadi pamoja na wake wenyewe. Ndiyo sababu simu ilisoma 6 kuwa 8 kwenye mfano wetu: mstari wa duara ulipita juu ya 6 na kuifunga.

Kompyuta hata hivyo inaweza kulisaidia jicho kwa njia ambayo wengi hawaijui. Picha ya rangi imejengwa na tabaka tatu: nyekundu, kijani na bluu. Wino wa bluu hurudisha mwanga wa bluu, kwa hiyo kwenye tabaka la bluu muhuri hufifia, ilhali maandishi meusi yanabaki meusi. Kwenye tabaka jekundu ni kinyume: wino wa bluu unakuwa mweusi na muhuri unasimama wazi. Kwa ImageMagick, programu ya bure ya kuchakata picha kwa amri, ni amri mbili:

```
magick kadi.jpg -channel B -separate maandishi.png
magick kadi.jpg -channel R -separate muhuri.png
```

Fungua `maandishi.png` na utaiona 6 ikiwa imetoka chini ya duara. Fungua `muhuri.png` usome mwaka na muhula. Kama wino ni wa zambarau, tumia `G` kwa muhuri, kwa kuwa zambarau hunyonya kijani. Wino mweusi hauna dawa hapa. Tabaka zote zinauonyesha sawa na maandishi.

Njia hii inataka picha isiyobanwa. Picha ya JPEG kwa kawaida huhifadhi rangi kwa undani mdogo kuliko mwanga, na inapobanwa tena rangi hutawanyika. Ukitenganisha tabaka za picha iliyopita kawaida WhatsApp, muhuri hautoweki. Unaacha kivuli chenye mabaka kinachochanganya zaidi.

Ukishausoma, andika umbo la muhuri, rangi, mahali ulipo, kisha maneno yake. Na usiuunganishe na tarehe ya mwisho wa kadi, hata kama daftari lina safu moja tu iliyoandikwa "Uhalali". Ni maswali mawili. Tarehe inasema kadi hii kama kadi itatumika mpaka lini. Muhuri unasema mwenye kadi alisajiliwa mwaka upi wa masomo. Mwenye hosteli anayejaza daftari Novemba 2025 akiwa na kadi ya mfano wetu ana kadi isiyoisha hadi Novemba 2026, lakini muhuri wake ni wa 2024/2025, mwaka uliokwisha. Mwanafunzi anaweza kuwa bado hajapigiwa muhuri mpya kwa kuwa usajili unaendelea. Anaweza pia kuwa ameahirisha masomo. Nakala haitoi uamuzi. Inabeba ushahidi wa mambo yote mawili ili anayeamua aone.

Basi uchague ipi

Kadi zikiwa chini ya ishirini, andika kwa jicho zote. Muda utakaoutumia kupanga mashine na kurekebisha makosa yake unazidi muda wa kuandika. Kuza picha mpaka namba ijaze skrini, isome kwa vikundi vya tarakimu tatu au nne, na baada ya kuandika isome kutoka mwisho kuja mwanzo. Ukisoma kinyume, jicho haliwezi kukamilisha lenyewe kile linachotarajia kuona.

Kadi zikiwa nyingi, acha mashine ijaze jina na programu ya masomo, kisha namba na tarehe ziandikwe na watu wawili, kila mmoja peke yake, katika safu mbili. Wa pili asione alichoandika wa kwanza; akikiona atakithibitisha, hatakisoma upya. Halafu linganisha katika safu nyingine yenye muundo wa `General`, kwa kuwa kwenye safu ya `Text` fomula haikokotolewi:

```
=EXACT(B2,C2)
```

Kila `FALSE` rudini kwenye picha pamoja. Makosa yanayobaki ni yale ambayo watu wawili wameyakosea kwa namna moja, na hayo mara nyingi ni 0 na O. Steshenari yenye mtu mmoja inaweza kuweka usomaji wa Lens au Tesseract kwenye safu ya pili badala ya mtu wa pili. Mashine hukosea tofauti na mtu, kwa hiyo inafaa kuwa mhakiki hata pale isipofaa kuwa mwandishi.

Kati ya Lens na Tesseract, Lens inasoma vizuri zaidi picha iliyopinda au yenye kivuli, na haihitaji kusakinisha mengi. Lakini inataka bando, na picha hupelekwa kwenye seva za Google ili zisomwe. Kadi ina sura na jina la mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa kama hizi azitumie kwa lengo alilomweleza mwenyewe na azitunze salama. Kwa kadi za watu wengine, tunapendelea Tesseract kwenye kompyuta ya ofisi, ambako picha haitoki nje:

```
tesseract maandishi.png stdout -l eng --psm 6
```

Tumia `eng` kama lebo za kadi ni za Kiingereza. `swa` ipo pia kwa kadi zenye Kiswahili. Kuna watu wanaoongeza kizuizi ili programu isome tarakimu pekee kwenye namba. Usifanye hivyo mpaka uwe na uhakika kwamba namba za chuo hicho hazina herufi. Ukiizuia, S haitaachwa wazi. Italazimishwa kuwa 5, na kosa litakuwa umelitengeneza mwenyewe.

Lipo jambo moja ambalo njia zote tatu haziwezi: kusoma kisichokuwepo kwenye picha. Doa la mwanga likikaa juu ya namba, usikae nusu saa ukikisia. Mwandikie mwenye kadi, na umwambie hasa unachotaka:

"Habari za saa hizi dada. Picha ya kitambulisho imefika, asante. Mwanga umeziba tarakimu za katikati za Reg. No., na muhuri wa chini kulia hausomeki muhula. Naomba upige tena karibu na dirisha bila flashi, kadi ijaze picha yote, mbele na nyuma. Utume kama hati, si kama picha ya kawaida. Ile ya kwanza nimeshaifuta."